AFYA YA JAMAA: Kifuko kilichoshonwa ndani ya tumbo, na kile kinachokichoma

Juma hili tunajibu ulizo la mama mmoja wa chama chetu. Mdogo wake anaishi Ubelgiji, alipasuliwa kule kwa sababu ya vidonda vya utumbo mpana, na sasa anataka kuja likizoni kusalimia wazazi. Mama anauliza: "Wanasema alitengenezewa kifuko ndani. Ni kifuko gani? Na kikimsumbua akiwa hapa kwetu, tufanye nini?"

Tuanze na ugonjwa wenyewe. Waganga wanaosema Kifaransa wanauita rektokoliti. Ngozi ya ndani ya utumbo mpana inawaka na kufanya vidonda, mgonjwa anaharisha damu na makamasi miezi mingi. Huku kwetu mtu wa namna hiyo hupewa kwanza dawa ya amiba, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, na damu inarudi. Wengi wanatulia kwa vidonge. Wengine dawa zinawashinda, au utumbo unaanza kuonyesha dalili za kansa, na hapo unabaki upasuaji wa kutoa utumbo mpana wote.

Zamani aliyetolewa utumbo huo alibaki na tundu tumboni na mfuko wa plastiki maisha yake yote. Katika mwaka 1978 waganga wawili wa hospitali ya St Mark's mjini London, Alan Parks na John Nicholls, walitangaza njia nyingine. Siku hizi mara nyingi mpasuaji anachukua mwisho wa utumbo mwembamba, kama sentimita 30 hadi 40, anaukunja katikati kama herufi J, anashona pande mbili pamoja na kufungua ukuta ulio katikati yao. Inakuwa mfuko mmoja. Kisha anaushusha na kuuunga juu tu ya njia ya haja, bila kugusa misuli inayofunga na kufungua. Sehemu hiyo iliyoungwa inahitaji muda wa kupona, kwa hiyo mara nyingi mgonjwa anawekewa tundu la tumboni kwa miezi miwili au mitatu, halafu linafungwa kwa operesheni nyingine.

Kifuko hakifanyi kazi yote ya utumbo mpana. Utumbo mpana ndio ulikuwa unanyonya maji na chumvi, na sasa haupo. Kwa hiyo choo kinakuwa kama uji, na mwenye kifuko anaenda chooni mara tano au sita kwa siku, labda mara moja usiku. Miezi ya kwanza ni zaidi, kisha kifuko kinapanuka. Mtu asimtazame dada huyo akiamka mezani mara kwa mara na kusema anaumwa. Hiyo ndiyo kawaida yake, na kila mwenye kifuko anapaswa kuijua hesabu yake mwenyewe, kwa sababu ugonjwa unatambulika kwa hesabu hiyo kubadilika.

Ugonjwa unaokuja zaidi ni kifuko chenyewe kuwaka. Karibu nusu ya waliopasuliwa kwa sababu ya rektokoliti wanaupata walau mara moja. Utumbo mwembamba haukuumbwa kuweka choo. Chakula kilikuwa kinapita tu. Sasa choo kinakaa, vijidudu vinaongezeka na kubadilika, na kinga ya mwili inavipiga vita kupita kiasi. Lakini vijidudu pekee havitoshi kueleza. Kuna watu wanaotengenezewa kifuko kilekile kwa sababu ya ugonjwa wa ukoo unaojaza utumbo mpana vinyama, na hao ni wachache sana wanaowaka kifuko. Inaonekana ile tabia ya mwili iliyoleta vidonda kwanza bado ipo hata utumbo ukishatoka.

Tuchukue mfano. Mama wa miaka 34, tundu lake limefungwa mwaka mmoja uliopita, anaenda chooni mara sita. Ndani ya siku nne anafika mara kumi na mbili, tatu kati yake usiku. Tumbo linamkaza, haja ikimshika hawezi kungoja, shuka zinachafuka, mwili una homa kidogo. Mganga anapima choo kwanza, kisha anaingiza kamera ndogo: ngozi ya kifuko ni nyekundu, imevimba, ina vidonda vidogo. Anampa siprofloksasini miligramu 500 asubuhi na jioni kwa majuma mawili. Baada ya siku chache anarudia hesabu yake ya zamani. Wengine wanapewa metronidazoli, ile inayoitwa Flajili, ambayo haipatani na pombe.

Miezi mitano baadaye dalili zinarudi. Safari hii mama haendi kwa mganga. Anameza vidonge vilivyobaki. Siku kumi zinapita, hakuna nafuu. Kamera inapoingia tena, mganga anauliza jambo moja: unameza dawa gani nyingine? Goti lilikuwa linamuuma, na tangu mwezi mmoja alikuwa ananunua diklofenaki farmasini. Dawa za jamii hiyo, pamoja na ibuprofeni, zinaweza kuchoma kifuko peke yake. Anaziacha, anapewa parasetamoli kwa goti, na kifuko kinatulia bila antibiotiki mpya.

Ndiyo sababu kukisia ni hatari. Damu nyekundu safi na haja ya haraka inaweza kutoka kwenye ukingo mdogo wa ngozi ya zamani ulioachwa pale walipounga. Huo unatibiwa kwa dawa ya kuingiza chini. Anayekaa chooni muda mrefu akisukuma, na choo kinatoka chembamba, huenda maungio yamebana, na mganga anayapanua. Homa kali na maumivu ya chini ya tumbo katika majuma ya kwanza baada ya operesheni ni alama ya maungio kuvuja: hapo ni hospitali siku hiyohiyo. Kutapika, tumbo kuvimba, choo na hewa kukatika ni utumbo kujifunga, na hapo pia hakuna kungoja asubuhi. Na ikiwa antibiotiki za majuma manne hazikusaidia, inatafutwa sababu nyingine, hata ugonjwa wa Crohn uliojificha. Wachache mwishoni hutolewa kifuko na kurudia tundu la kudumu.

Jambo moja la sisi wanawake: upasuaji ndani ya nyonga unaacha makovu yanayoweza kuziba mirija ya uzazi, na kupata mimba kunakuwa kugumu zaidi kuliko mbele. Wengi wanazaa hata hivyo. Bibi ambaye hajazaa amuulize mpasuaji kabla ya operesheni, si baada. Na akipata mimba, njia ya kuzaa izungumzwe mapema, kwa kuwa misuli ya haja ikichanika, kifuko kinakosa mlinzi.

Kwa dada anayekuja: aje na barua ya mpasuaji na hesabu yake ya kila siku. Akiharisha huku, msidhani mara moja ni kifuko. Kuna amiba, kuna kipindupindu, na choo kipimwe. Lakini msingoje majibu ili kumnywesha. Hana utumbo mpana wa kumrudishia maji, anakauka upesi kuliko ninyi. Muwe na pakiti za SRO nyumbani, kila moja katika litri moja ya maji safi, anywe kidogo kidogo. Mkojo ukipungua na kuwa mweusi, au kizunguzungu kikimshika akisimama, apelekwe kutiwa serumu.