Kanuni Haitetewi kwa Matokeo

Katika insha za maadili naona kosa moja mara nyingi, nami nalipinga waziwazi. Mwandishi huanza kwa kusema, "Tendo hili ni ovu lenyewe." Akibishiwa kidogo huongeza, "Tena lina madhara." Hudhani ametia nguzo ya pili, kumbe amehama nyumba.

Tutazame mfano. Mwaka 1797 Benjamin Constant aliandika kwamba wajibu wa kusema kweli, ukishikwa pasipo mpaka, ungeivunja jamii. Akamtaja mwanafalsafa Mjerumani aliyeshika kwamba ni kosa kumdanganya hata muuaji, ajapo mlangoni kuuliza kama rafiki yako amejificha kwako. Immanuel Kant akajibu mwaka ule ule: hata hapo uongo haufai.

Sababu yake ya kwanza ni ya kanuni. Mapatano na haki za watu husimama juu ya neno la kuaminiwa; basi mwongo huwakosea wanadamu wote, hata kama hamkosei muuaji yule. Hoja hii haiulizi leo kutatokea nini. Yatazama tendo likifanywa sheria ya wote.

Lakini Kant akaendelea: labda rafiki ametoka kwa siri, ukisema hayumo, muuaji ataondoka na kumkuta njiani, nawe utawajibika kwa kifo chake. Watetezi wake husema hakuwa akipima faida, bali alionyesha nani wa kulaumiwa. Na iwe hivyo. Walakini msomaji anayeshawishika hapo ameshawishika kwa hatari ya rafiki. Na tukianza kupima hatari, mizani itamwelemea Kant, kwa kuwa rafiki aliyejificha ndani yaelekea yumo bado.

Je, kanuni ipingwe vipi? Si kwa kupiga kelele tu kwamba rafiki atakufa, maana mwenye kanuni amekwisha kujua hilo. Constant alipinga vema zaidi: wajibu huenda pamoja na haki, wala hakuna mtu mwenye haki ya kupewa kweli itakayowadhuru wengine. Hapo kanuni yapingwa kwa kanuni.

Na mwenye kutegemea matokeo? John Stuart Mill, mwaka 1861, alisema kwamba uongo hudhoofisha imani kati ya watu, lakini akakubali kumficha mwovu habari ili kumwokoa mtu. Usimjibu, "Imekatazwa." Mwulize: uongo mmoja wapunguza imani kiasi gani, na mpaka u wapi? Mill mwenyewe alikiri kwamba mpaka wafaa kuwekwa, ikiwezekana. Asipouonyesha, kila mwenye faida ndogo atajipa ruhusa.

Basi anayeandika, "Tusiseme uongo, kwa kuwa hugunduliwa," ajue ametetea uongo usiogunduliwa.