Tubadilishe meza, tuache vivuli

Kuna foto moja iliyotuharibia jina. Tulikuwa tumepiga sabuni zetu za mawese kutoka juu: vipande vitatu, kikwembe kilichokunjwa, kikapu kidogo na majani ya limau. Vitu vilipangwa vizuri, lakini chini yake ilionekana ile nailoni ya bluu ya meza yetu, imechakaa. Tukampa kijana mmoja anayetengeneza foto. Akakata kila kitu pembeni pembeni na kukibandika juu ya marumaru. Mwenye duka aliyetaka vipande 100 akatuuliza kama foto tumeitoa kwenye intaneti. Hatukukasirika, maana sabuni zilikuwa zinaelea hewani.

Kosa lilikuwa kwenye kivuli. Kivuli cha sabuni kinalala juu ya meza, kwa hiyo anayekata sabuni na kutupa meza anatupa kivuli pia. Hasa kile chembamba na cheusi kinachogusa ukingo wa sabuni. Macho yetu yanajua kwa hicho kwamba kitu kimekaa chini.

Binti wa mama mmoja wa kikundi alitufundisha njia nyingine. Tunatumia Photopea, ambayo ni ya bure na inafunguka kwenye kompyuta kama ukurasa wa intaneti. Mega kidogo zinatosha. Fikirini vikwembe vilivyopangwa kimoja juu ya kingine: ubao chini, vivuli katikati, vitu vyenyewe juu.

Foto ya sabuni tuliinakili mara mbili kwa Ctrl+J, na ile ya kwanza ikabaki chini kabisa kama akiba. Juu ya akiba tukaweka foto ya ubao kwa File, kisha Open & Place.

Nakala ya katikati ndiyo ya vivuli. Tuliiondolea rangi kwa Desaturate, na nailoni ya bluu ikawa kijivu. Halafu kwa Levels tukavuta alama nyeupe ya kulia kuelekea kushoto, polepole, mpaka meza ikakaribia kuwa nyeupe. Hapo mtu asiwe na haraka. Ukivuta sana, kivuli nacho kinaliwa, na sabuni inaanza tena kuelea. Sisi tulisimama pale kile kivuli chembamba kilipokuwa bado cheusi, hata kama pembe za meza zilibaki na kijivu kidogo.

Kisha nakala hiyo tukaipa Multiply. Kazi yake ni kuzidisha: nyeupe ni 1, nyeusi ni 0. Penye meza nyeupe, ubao unazidishwa kwa 1, unabaki ulivyo. Penye kivuli cha 0.6, ubao unafifia mpaka sehemu sita katika kumi za mwanga wake. Kwa hiyo kivuli kinaanguka juu ya ubao, na mistari ya ubao inaonekana ndani yake, kama kwenye meza ya kweli.

Nakala ya juu ina rangi za kweli za vitu. Tuliifunika yote kwa maski ya Hide All, tukapaka brashi nyeupe juu ya sabuni, kikwembe, kikapu na majani tu. Vivuli hatukuvigusa. Ukiona uzi wa bluu kuzunguka sabuni, brashi ilitoka nje. Paka nyeusi kidogo, urudi ndani ya ukingo.

Kuchagua ubao kulitusumbua kuliko yote. Wa kwanza ulikuwa na mistari minene, na sabuni zikaonekana ndogo kama peremende. Tukaupunguza mpaka ubao mmoja ukawa mpana kidogo kuliko kipande cha sabuni. Tena, dirisha letu lilikuwa kushoto na vivuli vyetu viko kulia. Ubao wenye nyufa zilizomulikwa kutoka kulia ungetusaliti. Kwa marumaru, tafuta isiyong'aa. Ile inayong'aa ingepaswa kuonyesha sura ya sabuni ndani yake, na njia hii haiwezi kuichora.

Kuna meza ambazo hazikubali. Kitambaa cha maua kinapitisha maua yake juu ya ubao, na meza nyeusi haina kivuli cha kuokoa. Chupa ya mafuta nayo ni shida, maana meza ya zamani inaonekana ndani ya kioo. Hapo tunapaka maski kwa kijivu, ubao upenye nusu. Tangu siku ile tunatandika shuka nyeupe iliyopigwa pasi kabla ya kupiga foto, na kazi ya Levels imekuwa ndogo sana.

Foto mpya tulimpelekea mwenye duka Jumatano. Ameomba tumletee kipande kimoja akione kwa macho yake.