Barua Moja, Ombi Moja

Baadhi yetu wanachama tuna biashara ndogo kando ya shamba, na wateja wake twawaandikia kwa barua pepe. Shauri letu ni moja: kila barua iwe na ombi moja tu, na kichwa chake kiseme ombi hilo.

Tuchukue mfano wa mwanachama apikaye sabuni ya karafuu. Barua yake yaitwa “Jarida letu la mwezi huu”. Ndani yake aomba watu wanunue sabuni, waje kutembea bustanini, wajibu maswali na wawaambie jamaa zao. Msomaji aliye na haraka hajui aanze na lipi, basi huifunga akikusudia kuirudia, wala hairudii.

Sasa aandike upya. Sabuni isiyopikwa motoni, baada ya kukatwa vipande, huachwa ikauke wiki 4 hadi 6. Kwa hiyo yampasa kujua mapema atengeneze vipande vingapi. Hiyo ndiyo sababu ya kuandika, nayo ni ya kweli. Kichwa kiwe: “Agiza sabuni kabla ya Alhamisi”. Ni herufi 30 pamoja na nafasi, na simu nyingi huonyesha kiasi hicho bila ya kukata. Jambo lenyewe limetangulia na siku imetajwa.

Ndani aseme kwa sentensi tatu au nne: Ijumaa anamimina sabuni, bei ni kadhaa, na itakuwa tayari tarehe fulani. Chini yake aweke kitufe kimoja kilichoandikwa “Agiza sabuni”, wala si “Bonyeza hapa”. Khabari za bustani zingoje barua yao.

Wako watakaosema kuwa kichwa cha kushtua, kama “Haraka! Karibu zinakwisha!”, huvuta zaidi. Kweli huvuta, mara moja. Mteja akikuta sabuni zimejaa, safari ya pili ataitia barua katika taka. Wakifanya hivyo wengi, Gmail nayo yaweza kuzipeleka huko barua za mtu huyo hata kwa wale wanaozitaka. Na asiyetaka kuandikiwa tena apewe njia nyepesi ya kujitoa. Kujitoa kwake ni nafuu kuliko kulalamika.

Tena tusidanganywe na hesabu ya barua “zilizofunguliwa”. Tangu mwaka 2021, programu ya barua ya Apple yaweza kupakua picha zilizomo ndani ya barua kabla ya mtu kuisoma, na hesabu ikaandika kuwa imefunguliwa. Hesabu ya kuaminika ni maagizo. Zikienda barua 60 zikarudi na maagizo 6, mwandishi ajua la kufanya Ijumaa. Zikifunguliwa zote 60 pasipo agizo hata moja, hajui neno.