Magunia 12 ya Sukari na Hesabu Isiyo na Mwanzo

Mfanyabiashara mmoja wa duka la jumla mjini Same alinipa swali lililoonekana jepesi. Jumamosi jioni alihesabu mzigo akakuta magunia 38 ya sukari, wakati yeye anaamini yalipaswa kuwa 50. Je, magunia 12 yamekwenda wapi? Kabla sijafungua kinywa alikwisha kupata jibu lake mwenyewe: kijana wa duka ameyala. Mshahara wa kijana ulikwisha kushikiliwa.

Nilimwomba vitu 3 tu. Mwezi ulipoanza kulikuwa na magunia mangapi? Yameingia mangapi tangu hapo, na kwa hati zipi? Yametoka mangapi, kwa fedha taslimu na kwa mkopo? Akajibu kwamba yalikuwapo "kama 20", yakaingia "kama 100", yakauzwa "kama 70". Hivyo ndivyo alivyoipata 50 yake: 20 ukijumlisha 100, ukitoa 70.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mimi naongeza kwamba mali bila daftari inaweza pia isipotee, na bado mtu akafukuzwa kazi.

Kanuni ya hesabu hii kila aliyesoma biashara anaijua: mzigo wa mwanzo, jumlisha ulioingia, toa uliotoka, unapata mzigo unaopaswa kuwapo. Huo ndio unaolinganishwa na ule uliohesabiwa kwa mkono. Ndugu yetu wa Same alikuwa na tarakimu 1 ya kweli, yaani 38. Nyingine 3 zilikuwa za kukisia. Ukibadilisha makisio kidogo, 38 ileile inakupa wizi, inakupa usalama, au inakupa ziada. Kama mwanzo palikuwa na magunia 10, yakaingia 100 na yakatoka 72, yanapaswa kuwapo 38 na hakuna kilichopotea. Kama mwanzo yalikuwa 25, yanapaswa kuwapo 53 na pengo ni 15. Kama mwanzo yalikuwa 10 lakini yaliingia 90 tu, yanapaswa kuwapo 28, na duka lina magunia 10 ya ziada ambayo hakuna wa kushtakiwa kwayo.

Hata hivyo hatukukata tamaa, kwa sababu sehemu ya kumbukumbu huwa imelala kwa watu wengine. Tulianza na mzigo ulioingia. Sukari yake huipakia Moshi, naye muuzaji wake hubaki na nakala za ankara. Tulipoziomba, tuliona safari 2: ya kwanza magunia 50, ya pili 46. Mwenye duka alikumbuka safari 2 za 50, kwa kuwa ndivyo alivyoagiza. Alichoagiza sicho kilichoshushwa, na hapakuwa na mtu aliyetia saini hati ya mapokezi pale mlangoni. Hapo magunia 4 ya "wizi" yakafutika.

Tukaja kwenye mauzo. Mashine ya risiti za kielektroniki ilitoa taarifa ya mwezi. Tahadhari hapa ni kwamba huwezi kuchukua jumla ya shilingi ukaigawanya kwa bei ya gunia, kwa sababu bei ilipanda katikati ya mwezi na sukari nyingine iliuzwa kwa kilo. Tulizichambua risiti kwa vipindi vya bei, tukageuza kilo kuwa magunia ya kilo 50, tukapata magunia 63. Kisha kijana akatoa daftari lake la shule, lenye majina ya wenye maduka ya Gonja na Mamba waliochukua magunia 14 kwa mkopo siku za gulio. Hayakukatiwa risiti, eti kwa kuwa fedha haijaingia. Hilo ni kosa la utaratibu wa mwenye duka, kwani mzigo hutoka ghalani siku unapopakiwa kwenye gari, si siku deni linapolipwa. Jumla ya yaliyotoka ikawa 77 badala ya 70.

Sasa hebu tuirudie hesabu kwa kukubali ile 20 yake ya kukisia. Ishirini jumlisha 96, toa 77, ni 39. Yamehesabiwa 38. Pengo ni gunia 1. Na kama kumbukumbu yake ya mwanzo imezidi kwa gunia 1 tu, basi hakuna pengo lolote. Ili magunia 12 yawe yamepotea kweli, mwezi ungepaswa kuanza na magunia 31, naye alichoweza kusema ni kwamba "stoo ilikuwa haijajaa".

Hapa ndipo mwisho wa uwezo wa mhasibu yeyote. Ankara zinaweza kupatikana kwa muuzaji, na mauzo yanaweza kufuatiliwa kwenye risiti, benki na taarifa za fedha za simu. Mzigo wa mwanzo ambao haukuhesabiwa siku yake hauwezi kuhesabiwa tena. Mwezi ule hauna hukumu. Nilimshauri amrudishie kijana mshahara wake, naye akaurudisha kwa shingo upande.

Wapo wazee wa biashara watakaosema kwamba mwenye mali huijua mali yake kwa macho. Inawezekana, kwa duka la rafu 2 ambalo mwenyewe analala ndani yake. Lakini duka linalopokea mzigo kutoka Moshi na kuupandisha milimani kwa magari ya watu, huku mwenyewe akiwa safarini, macho hayalitoshi. Wapo pia wanaokwepa kutoa risiti. Hao wajue kwamba wanajinyima ushahidi wao wenyewe: gunia lililouzwa bila risiti, kwenye hesabu linafanana kabisa na gunia lililoibwa.

Dawa haikuwa ghali. Ile 38 tuliifanya kuwa mzigo wa mwanzo, ikaandikwa na kutiwa saini na wote wawili, duka likiwa limefungwa na hakuna gari linaloshusha. Wiki 4 baadaye walihesabu tena. Yaliingia magunia 80, yakatoka 84, yakapaswa kubaki 34. Walikuta 33 na kilo 30, yaani pungufu kilo 20. Mwezi huo magunia 25 yalifunguliwa kwa kuuzwa kwa kilo, hivyo ni wastani wa gramu 800 kwa kila gunia. Hilo ni swali la kuuliza mizani na mkono unaopima, na kwa mara ya kwanza ni swali lenye jibu.

Nawageukia na wale wenye akiba wanaofikiria kuingia ubia katika maduka ya namna hii. Faida unayoonyeshwa imetokana na kutoa gharama ya mzigo uliouzwa, na gharama hiyo haipatikani bila mzigo wa mwanzo, manunuzi na mzigo wa mwisho. Ukiambiwa "duka linaingiza vizuri" bila karatasi hizo, unachouziwa ni makisio ya mtu mwingine. Omba hesabu 2 za mzigo zilizotiwa saini, na karatasi za mzigo ulioingia na uliotoka kati yake. Asipokuwa nazo, mwambie ahesabu leo, nawe urudi baada ya mwezi na fedha zako zikiwa bado mfukoni.