Wito kwa wabia wa Kizimbani: aliyetoka na aliyebaki, kaeni mlimalize

Ndugu zangu wa Kizimbani, na nyinyi majirani wa Kidichi na Dole mnaopokea wageni mashambani kwa ubia, nina ombi kwenu. Biashara nyingi za viungo kwetu huanza kwa watu wawili: mmoja ana shamba la karafuu, mdalasini na iliki, mwengine ana gari na lugha za wageni. Wakiachana, huachana kwa mdomo tu. Mmoja anasema, "Mimi nimetoka," wanapeana mikono, anakwenda zake Dar es Salaam au Maskati. Baadaye barua ya kodi ya miaka ile ya ubia inamfikia aliyebaki, naye anadaiwa yote.

Najua inavyouma. Lakini kabla hujalipa, na kabla hujamtukana mwenzako, soma barua hiyo vizuri. Tazama nani kaiandika, kodi gani anadai, na ya kipindi gani. Mamlaka ya Mapato Zanzibar (ZRA), iliyochukua nafasi ya ile Bodi ya Mapato mwaka 2022, inadai kodi ya ongezeko la thamani, yaani VAT. Kodi ya mapato ni jambo la Muungano na hudaiwa na Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA). Tofauti hiyo ni kubwa kwa mbia, kwa sababu faida ya ubia haitozwi kodi ya mapato kama fungu moja. Hugawiwa wabia, na kila mmoja analipia fungu lake. Ukiona unadaiwa kodi ya mapato ya fungu la mwenzako, hapo una hoja ya kupinga. VAT, na kodi iliyokatwa kwenye mishahara ya wafanyakazi, ni deni la biashara yenyewe, na mamlaka inaweza kumdai mbia mmoja lote.

Tuchukue mfano wa wabia wawili wa nusu kwa nusu. Mmoja katoka mwisho wa Juni 2023. Barua inadai VAT ya shilingi milioni 9: milioni 6 za miezi ya kabla ya Juni hiyo kwisha, milioni 3 za baadaye. Aliyebaki anaweza kudaiwa zote 9. Lakini baina yao wawili, zile 6 ni za wote, kwa hiyo aliyetoka ana wajibu wa kumrejeshea mwenzake milioni 3. Zile 3 za mwisho ni za aliyeendelea na biashara peke yake. Kuondoka hakufuti deni la siku ulizokuwemo.

Hesabu hiyo hubadilika kama mliandikiana kwamba aliyebaki anachukua madeni yote. Karatasi hiyo haiizuii mamlaka kumdai yeyote kati yenu, ila inamfunga aliyebaki asidai fidia kwa mwenzake. Wengi hutia saini maneno hayo ili yaishe upesi, bila kuuliza kwanza VAT imelipwa mpaka mwezi gani. Ulizeni. Ombeni taarifa ya hesabu yenu kutoka mamlaka zote mbili kabla ya kugawana gari na fedha.

Ukiona makadirio si sahihi, wahi kuweka pingamizi kwa maandishi. Kwa kodi za TRA una siku 30 tangu upokee uamuzi, na kwa kawaida hutakiwa kuweka kwanza kiasi usichokipinga au theluthi moja ya deni, chochote kilicho kikubwa zaidi. Kama huwezi, omba kwa barua upunguziwe. Kwa ZRA, fuata muda uliotajwa kwenye barua yako. Na kama deni ni la kweli, omba kulipa kwa awamu mapema, maana riba haingojei mpaka mpatane.

Sasa ombi langu kwa unayetoka leo. Usiondoke bila barua kwa ZRA, kwa TRA na kwa Wakala wa Usajili wa Biashara na Mali (BPRA), yenye jina la biashara, namba ya mlipakodi na tarehe uliyotoka. Kaa na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Bila hiyo, daftari lao bado linakuonyesha wewe ni mbia, na hata ile milioni 3 ya baada yako inaweza kukufuata.

Na wewe uliyekwisha kuondoka, mwenzako akikupigia simu, pokea. Pengine risiti za manunuzi na vitabu vya mauzo vya 2022 viko kwako, na bila hivyo hawezi kuthibitisha VAT mliyolipa kwenye manunuzi. Mpelekee wiki hii. Masheha na wazee, mkiona wabia wawili hawasemezani, wakutanisheni na vitabu vyao vikiwa mezani, na makubaliano yao yaandikwe kiasi na tarehe ya kulipa.