Drive ilikula majina ya chama chetu, na kosa lilikuwa langu

Kama wewe ndiye yule kijana ambaye chama cha mama yako kimempa laptopu na kumwambia "wewe unajua kompyuta, tuandikie", hii ni yako. Mimi ndiye huyo kijana hapa Dunga. Koleji niliachia mwaka wa pili, karo ilikataa, lakini ufuoni bado naitwa mtu wa kompyuta. Jina hilo karibu linigharimu mwaka huu.

Chama chetu kina watu 24, wengi wao kina mama wanaokaanga mbuta na kuanika omena. Kila Jumamosi mtu analeta alichopata. Desemba tunagawana, pesa zinaenda karo ya Januari. Hesabu yote iko kwenye faili moja ya Excel. Safu ya kwanza ni majina, kisha kila Jumamosi inapata safu yake. Nikimaliza naipandisha Google Drive juu ya ile ya zamani, jina lilelile, ili mweka hazina aione kwa simu. Nilikuwa natembea kifua mbele: ati hata laptopu ikianguka ziwani, kila kitu kiko Drive, hadi matoleo ya zamani.

Tarehe 14 Septemba 2024 niliamua majina yakae kwa alfabeti. Nikachagua safu ya majina peke yake na kubonyeza kupanga. Excel ikaniuliza, chini ya kichwa "Sort Warning", kama nataka "Expand the selection" au "Continue with the current selection". Nilikuwa na haraka, mpira ulikuwa unaanza. Nikachukua la pili. Majina yakahama, pesa zikabaki pale zilipokuwa. Mtu aliyekuwa mstari wa tano akajikuta wa kumi na nane, na michango ya mwenzake ikiwa mbele yake.

Jumla haikuguswa hata shilingi. Chini bado iliandika 186,400, na mweka hazina huangalia jumla kwanza, kama mweka hazina yeyote. Ikapita Jumamosi moja, mbili, tatu. Tarehe 2 Novemba mama mmoja akaomba kuona zake. Alijua ana 14,200. Skrini ikasema 6,900. Aliniangalia tu, akasema, "Mwanangu, hizi si zangu." Hakupiga kelele. Afadhali angepiga.

Nikasema hakuna shida, nitarudi kwa toleo la zamani. Nilikuta matoleo ya baada ya kosa tu, na yote yalikuwa na majina yaliyohama.

Na hapa ndipo wengi wetu tunaelewa vibaya. Kwa faili unayopandisha mwenyewe, iwe ya Excel, Word, PDF au picha, Drive haitoi ahadi ya kuweka kila toleo milele. Toleo lililopitwa linaweza kufutwa baada ya siku 30, au matoleo yakifika 100. Siku hizo 30 zinahesabiwa tangu toleo jipya lipande juu yake. Toleo langu zuri la mwisho lilikuwa la 7 Septemba. Saa yake ilianza kugonga tarehe 14, dakika ileile nilipopandisha lililoharibika. Kufikia katikati ya Oktoba lilikuwa limepoteza ulinzi. Mimi nikaja kulitafuta siku 49 baada ya kosa.

Sisi tunapandisha mara moja kwa wiki, kwa hivyo ile 100 hatuikaribii. Lakini kama Drive imefungwa kwenye laptopu yako na kila ukihifadhi faili inapanda yenyewe, fanya hesabu: ukihifadhi mara 20 kwa siku, siku tano zinatosha kufikisha 100. Mtu anayehariri kazi ya mwisho ya koleji anaweza kupoteza rasimu ya Jumatatu kabla wikendi haijaisha. Kwingine pia kuna mipaka. OneDrive kwa akaunti ya kibinafsi inakupa matoleo 25 ya mwisho, na Dropbox ya bure inakupa siku 30.

Sigombani na mpaka wenyewe. Kuweka kila toleo la kila mtu ni gharama, na matoleo mengi ni takataka tu. Ninachokataa ni ule ukimya. Hakuna meseji iliyokuja kusema toleo la 7 Septemba linaondoka. Onyo lipo, lakini limeandikwa ndani ya kidirisha ambacho unakifungua siku ukishaumia.

Dawa iko ndani ya kidirisha hichohicho. Fungua Drive kwenye kompyuta, bofya faili kwa kitufe cha kulia, tafuta "Manage versions", kisha kwa toleo unalolitaka bofya vidoti vitatu na uchague "Keep forever". Toleo hilo halihesabiwi siku tena. Unaweza kuweka alama hiyo kwa matoleo yasiyozidi 200 kwa faili moja, kwa hivyo usiibandike kila Jumamosi ovyo. Sisi tumeamua toleo la mwisho wa mwezi, likishasomwa mbele ya wanachama jina kwa jina. Ni 12 kwa mwaka, na 200 zinatupeleka zaidi ya miaka 16.

Toleo lenye alama linakula nafasi yako kama faili kamili. Faili yetu ni ndogo, haifiki hata uzito wa picha moja ya simu, kwa hivyo hatuhisi. Ukifanya hivyo na video za harusi, zile gigabaiti 15 za bure, ambazo barua pepe na picha zako pia zinazitegemea, zitaisha haraka. Na alama haiokoi faili yenyewe: ukiifuta faili na takataka ikasafishwa, matoleo yote yanaenda nayo. Ndiyo maana nakala ya kila mwezi pia naishusha kwa fleshi ya mweka hazina. Kama unatumia Google Sheets, ujue sheria ni tofauti. Huko matoleo ya karibu huweza kuunganishwa, na unaweza kuyapa majina 15 tu kwa faili moja.

Sasa turudi kwa majina. Kilichouma ni kwamba pesa zote zilikuwepo. Tulichokosa ni mpangilio wa majina 24 tu, kitu ambacho toleo moja la Agosti lingetupa kwa dakika kumi. Badala yake nilikaa na mweka hazina jioni tatu, tukisoma meseji za M-Pesa kwenye simu yake na kulinganisha: nani alituma 650 tarehe fulani, na ni mstari gani una 650 siku hiyo. Watu 17 tuliwapata hivyo, yule mama wa 14,200 akiwa wa kwanza. Saba hulipa taslimu. Daftari la taslimu lilinyeshewa Agosti, kurasa zimeshikana. Watano tulikubaliana nao kwa mazungumzo.

Wawili bado. Mistari yao inatofautiana kwa 1,100, na kila mmoja ana hakika mstari mkubwa ni wake. Tarehe 30 Novemba tulisoma orodha, nikabandika "Keep forever" ya kwanza wote wakiangalia, hao wawili wakiwemo. Kugawana ni tarehe 21 Desemba. Nimewaambia kama hawatakubaliana kufikia hapo, hiyo 1,100 itatoka kwa fungu langu.