Kabla ya Kugombana na Mwenye Duka, Nusa Chupa Yako

Jumapili moja mwezi wa saba mathe alipika chapati, na kwa mara ya kwanza maishani nikaona chapati za mathe zikibaki kwa sahani. Zilikuwa laini, zina rangi poa, lakini ukitafuna unapata ladha fulani ya rangi ya kupaka nyumba. Ndogo yangu akasema zinanuka kreyoni. Mathe akainua ile chupa ya saladi, akaiangalia kwa mwanga wa simu, na ndani akaona mawingu meupe yamekaa chini. Hapo kesi ikaisha. Mwenye duka ametuchanganyia kitu.

Tunaishi orofa ya sita hapa Pipeline, na tangu niache chuo kazi ya kugombana na maduka ni yangu. Nikashuka na chupa. Mwenye duka hakubishana. Alinipimia tone moja kutoka kwa mtungi wake kwa kiganja cha kushoto, akamwaga tone la chupa yetu kwa kiganja cha kulia, akaniambia, "Sugua kila moja na kidole mpaka ipate joto, halafu unuse." Mkono wa kushoto haukuwa na harufu ya maana. Wa kulia ulikuwa kreyoni kabisa. Mafuta ni yaleyale, kutoka kwa mtungi uleule, tofauti ni chupa. "Hii chupa mnaoshaga lini?" akaniuliza. Manze, nilipanda ngazi sita bila jibu.

Hoja yangu leo ni hiyo. Watu wa saladi ya kupimiwa tunaogopa sana mwenye duka na hatuogopi chupa yetu hata kidogo. Sisemi wauzaji wote ni malaika, na nitafika huko. Lakini mafuta mengi yanayotuharibikia yanaharibikia kwa keja.

Iko hivi. Mafuta yakikutana na hewa, mwanga na joto huanza kuchacha. Yale yaliyochacha hayakai pembeni kwa adabu, yanaharakisha kuchacha kwa yale mazima. Ni kama ule unga kidogo uliochacha unaobakisha ili uumue donge la kesho. Sasa sisi tunafanya nini? Chupa inaisha, ukutani kunabaki utando wa mafuta ya mwezi jana, mwembamba, umeguswa na hewa kila upande. Tunaenda na chupa hiyohiyo, tunapimiwa ya finje juu yake. Wiki ijayo tena, finje nyingine. Yetu ilikuwa na karibu mwaka mzima ya huo mchezo, na ilikuwa inakaa kando ya jiko penye joto.

Na yale mawingu meupe? Hayakuwa na hatia. Mafuta mengi ya kupimiwa Nairobi ni ya mawese, na mawese yakipata baridi ya Julai huanza kuganda kidogo. Ukitaka kuhakikisha, weka chupa ndani ya beseni la maji ya uvuguvugu kwa dakika kumi. Mawingu yakiyeyuka na mafuta yakabaki safi, ilikuwa baridi tu. Yakikataa kuondoka, au kukiwa na tone linatembea chini ya chupa ukiinamisha, hayo ni maji au uchafu. Tone la maji utalijua hata kwa sufuria: pasha mafuta kidogo kwa sufuria kavu, ukisikia yanapasuka na kurukaruka kabla hujaweka kitu chochote, kuna maji ndani.

Lakini hayo mawingu yanaweza kumshtaki muuzaji wa aina nyingine. Kuna msee anakuuzia "alizeti" ya kupimiwa kwa bei ya juu kuliko saladi ya kawaida. Mafuta ya alizeti yaliyosafishwa kiwandani hayagandi kwa baridi ya friji ya nyumbani. Kwa hivyo chukua kidogo kwa chupa ndogo safi, omba mwenye friji akulazie usiku mmoja. Asubuhi ukikuta yamekuwa mazito, yana chengachenga nyeupe, umelipia alizeti na ukapewa mawese au mchanganyiko. Hayatakuua, lakini pesa yako imeliwa.

Sasa turudi kwa pua, kwa sababu ndiyo mashine tuliyonayo sote. Mafuta yaliyochacha hunuka kreyoni, rangi ya nyumba, au karanga zilizosahaulika kwa mfuko. Mafuta yaliyokwisha kukaangia hunuka alichopikiwa, samaki au viazi, na huwa meusi na yenye kunata. Ukiyapasha yanatoa povu na moshi mapema. Harufu ya mafuta ya taa au sabuni maana yake ni mtungi ulikuwa na kazi nyingine kabla. Plastiki hunywa harufu. Mtungi uliobeba mafuta ya taa hauoshiki ukatoka, hata utumie sabuni ya mtaa mzima. Kwa hivyo ukiipata hiyo harufu kwa duka, usinunue, na ukiipata kwa chupa yako, itupe.

Dukani mimi siku hizi naomba tone kwa kiganja kabla sijalipa. Ukiwa na aibu, sema mathe ndiye amekutuma. Mwenye duka mzuri hakasiriki, na anayekasirika ameshakujibu. Naangalia pia mtungi umekaa wapi. Ule wa njano ulioachwa juani nje kutwa nzima, bila kifuniko, umeanza kuchacha kabla hujafika. Zile mashine za kubonyeza zenye tangi la kuonekana ndani zinapendeza, lakini kama jua la mchana linapiga tangi moja kwa moja ni shida ileile. Tena, tangu 2012 sheria ya Kenya inataka mafuta ya kupikia yaongezwe vitamini A, na vitamini hiyo nayo huharibiwa na mwanga. Nunua kwa duka ambalo mtungi uko kivulini na mafuta hayamalizi mwezi. Duka lenye foleni ya saladi ndilo lenye saladi mpya.

Hapa lazima niwe mkweli kuhusu pua. Ina mwisho wake. Mwaka wa 2014 Al Jazeera iliripoti kuhusu wezi Kenya wanaofyonza mafuta ya transfoma za stima, na kwamba yanauzwa kwa wakaangaji chipsi wa barabarani kwa sababu yanafanana na ya kupikia na hayaishi haraka yakikaangiwa. Transfoma za zamani zinaweza kuwa na kemikali zinazoitwa PCB, ambazo husababisha saratani. Na tusidhani ni ushamba wa Kenya peke yake. Mwaka wa 1959 huko Moroko watu karibu elfu kumi walipooza kwa sababu wafanyabiashara walichanganya mafuta ya injini za ndege na ya kupikia, wakayauza sokoni. Wanunuzi walikuwa watu kama sisi, wanaonunua kidogo kidogo na bila kuona yalikotoka.

Mafuta ya aina hiyo huwezi kuyakamata kwa kusugua kiganja, na hakuna ujanja wa nyumbani ninaoweza kukupa. Unachoweza ni kuuliza swali moja: "Naweza kuona mtungi?" Uwe na lebo ya kiwanda, tarehe, na muhuri ambao ikiwezekana umeuona ukikatwa. Mafuta yanayokuja kwa jerikeni lisilo na jina, kwa bei inayoshinda kila mtu mtaani, acha hata kama hayana harufu.

Haya, chupa. Pipeline maji ni ya kununua na jua haliingii kwa keja, kwa hivyo ule ushauri wa kusema "osha uanike" unahitaji mpango. Mpango wetu ni chupa mbili za nusu lita zinazopokezana. Moja ikiisha, naiinamisha juu ya sufuria mpaka tone la mwisho litoke. Naweka maji ya uvuguvugu robo chupa, sabuni ya vyombo kidogo na kiganja cha mchele mbichi, nafunga, natikisa dakika mbili nzima. Mchele ndio unaosugua mahali mkono haufiki. Usitumie maji yanayochemka, chupa ya soda itajikunja. Suuza mara tatu. Kifuniko kioshe peke yake, kwa sababu kile kimfereji cha ndani ndicho hujificha mafuta ya mwaka jana.

Halafu iache kichwa chini siku mbili, ndiyo maana unahitaji ya pili. Ukiona hata ukungu wa maji ndani, bado. Ikikauka, ifunge ulale. Asubuhi ifungue ukiwa umeiweka puani. Kama haina harufu, iko tayari. Kama bado ni kreyoni, rudia mara moja, na ikikataa iende. Mafuta mapya yajaze mpaka karibu na shingo ili hewa iwe kidogo, na chupa ikae kwa kabati lenye giza, mbali na jiko. Na ile ya zamani usiimalizie kwa mpya. Hata kama imebaki vijiko viwili, pikia leo kama iko sawa, au mwaga.

Najua kuna mtu atasema, si ununue tu ya pakiti ya dukani. Buda, mtu anayepima ya mbao hajui tu kuhusu pakiti, ana mbao. Kumwambia anunue lita nzima si ushauri. Chenye tumejaribu kwa orofa yetu ni hiki: nyumba kumi zinachanga, tunanunua mtungi mmoja wa lita ishirini wenye muhuri, unakatwa mbele ya wote, kila nyumba inaondoka na lita mbili. Haiwezekani kila mwezi, kwa sababu kuna wenye hawana pesa yote siku moja. Mwezi jana tulikuwa saba tu na ikabidi tungoje wiki. Lakini kuna sheria moja ambayo mathe ameiweka na haina mjadala. Anasimama mlangoni na kunusa kila chupa kabla ya kupimiwa. Jirani mmoja alirudishwa na yake na akanuna siku mbili.

Siku ya tatu alileta nyingine, imeoshwa, inang'aa. Mathe akanusa, akampimia lita zake mbili.